Huyu Ni Wewe, Shoga Yangu

Juma lililopita, baada ya alasiri, mtoto wa kaka yangu alinijia nyumbani akiwa na simu mkononi na uso umesawijika. Akaniamkia, akaketi mkekani, kisha akanipa simu ile. "Soma, shangazi," akasema, "halafu uniambie kosa langu li wapi."

Nikasoma. Kwanza alinionyesha picha ya vichekesho aliyoiona katika Facebook majuma matatu nyuma. Palikuwa na mwanamke aliyejifunga taulo, amekaa kitandani, simu iko sikioni, na juu yake pameandikwa kwamba huyu ndiye yule rafiki akwambiaye yuko kivukoni ilhali hajatoka hata chumbani. Chini ya picha, mahali pa maoni, mtoto wetu aliandika jina la shoga yake na maneno manne: "Huyu ni wewe, shoga." Shoga yake akajibu papo hapo kwa kicheko, akaapa kwamba siku ile alikuwa kivukoni kweli, na wenzao wanne watano wakaingia kumkumbusha siku ambazo hakuwa. Ikawa furaha ya jioni nzima.

Kisha akanionyesha picha ya pili, ya siku tisa baadaye. Hii ilikuwa na sufuria iliyoungua mekoni, na maneno yakisema kwamba kuna rafiki ambaye mumewe hupitia kwa mamake kula kabla ya kurudi nyumbani. Chini yake mtoto wetu aliandika jina lile lile na maneno yale yale manne. Safari hii shoga yake alijibu kwa kikaragosi kimoja cha kutabasamu, basi. Tangu hapo salamu hazijibiwi. Ujumbe wa asubuhi husomwa, ukanyamaziwa.

"Maneno ni yale yale, shangazi," akaniambia. "Mtu ni yule yule. Mbona kule alicheka na huku amenuna?"

Swali lake nimekaa nalo juma zima, kwa kuwa naona si la watoto peke yao. Sisi watu wazima pia tumo, tunatagi na kutagiwa, na wengi wetu hatujawahi kusimama tukajiuliza tagi husema nini. Nitajaribu kulijibu kwa kufuata picha zile mbili, kisha nitaongeza ya tatu ambayo ni yangu mwenyewe.

Tuanze na kitendo chenyewe. Facebook iliruhusu watu kuweka majina juu ya picha mnamo mwaka 2005, na mwaka 2009 ikaruhusu kumtaja mtu ndani ya maandishi kwa kutanguliza alama ya @. Hapo mwanzo tagi ya picha ilikuwa na kazi moja nyepesi, nayo ni kutambulisha sura: huyu aliyekaa kushoto ni fulani, na yule aliyesimama ni fulani. Baadaye watu wakaigeuza. Wakaanza kuwatagi rafiki zao katika picha ambazo rafiki zao hawamo kabisa. Picha ni ya mwanamke wa nchi ya mbali, pengine ni ya paka, na bado twasema, "Huyu ni wewe." Hapo hatutambulishi sura tena, twatambulisha tabia. Ndiyo maana tagi ya namna hii ni kauli nzito kuliko inavyoonekana: kila mmoja aweza kuitambua sura ya mwenzake, lakini tabia yake huitambua aliyeishi naye.

Kwa hiyo jambo la kwanza lisemwalo na tagi ni "nakujua". Ndipo ilipo tamu yake. Shoga yake mtoto wetu, alipoona picha ya kivukoni, hakusikia kwamba anaitwa mchelewaji. Alisikia kwamba kuna mtu ambaye, akiwa amekaa pekee yake na simu usiku, aliona mchoro wa mtu asiyemjua akamkumbuka yeye, na akakumbuka jambo lake mahususi. Miaka yao ya kungojana kivukoni, mmoja upande wa Likoni na mwingine upande wa mjini, ilirudi yote kwa maneno manne. Hakuna zawadi ya rahisi kama hii, wala inayofika upesi kama hii.

Lakini tagi haisemi na rafiki peke yake, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Mtu akutajapo chini ya picha, wewe hupata arifa katika simu yako, na yule mwenye ukurasa huona pia. Zaidi ya hao, maoni yale husomwa na kila mwenye ruhusa ya kuiona picha ile. Ruhusa hiyo haiwekwi na mwenye kutoa maoni, huwekwa na mwenye picha. Ukiiona alama ndogo ya tufe la dunia kando ya tarehe ya picha, jua kwamba imefunguliwa kwa watu wote, na lolote uliandikalo chini yake limefunguliwa vilevile. Tena Facebook ina mazoea ya kuwaonyesha rafiki zako kwamba umetoa maoni mahali fulani, hata kama hawaufuati ukurasa ule. Kurasa za vichekesho karibu zote huwa wazi hivyo. Mtoto wetu alidhani ananong'ona sikioni, kumbe yuko juu ya paa.

Nikamuuliza, "Shoga yako ana mawifi?" Akasema anao wawili, na mmoja ni rafiki yake yeye pia katika Facebook. Nikamrudishia simu nikamwambia asome tena picha ya sufuria, lakini safari hii asome akiwa ni wifi. Akanyamaza.

Hapa nataka tukumbuke kitu ambacho sisi wa pwani tulikuwa nacho kabla ya simu hizi. Mwanamke wa Mombasa akitaka kusema neno zito, aliweza kulifunga kiunoni. Leso ina pindo lake, ina mji wake, na karibu na pindo la chini lina jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa. Maneno si ya aliyeivaa. Ameyakuta dukani, yamechapwa kwa mamia. Lakini ameyachagua, na amechagua siku ya kuyavaa na nyumba ya kupita nayo. Aliyekusudiwa huelewa. Akikasirika, mwenye leso hufungua macho akasema, "Mbona ni leso tu, bibi?" Na leso hiyo hiyo, yenye jina la upendo, hupelekewa shoga aliyejifungua au aliyefiwa, na maneno ya kiwandani yakawa ya moyoni kwa sababu ya mkono uliyoyaleta.

Picha ya vichekesho yenye maneno ni leso ya zama hizi. Maneno si yetu, tumeyakuta yameandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya maelfu, na sisi twayachagua na kuyapeleka. Faida yake ni ile ile: twaweza kusema tusichoweza kusema kwa kinywa chetu, liwe la utani au la mapenzi. Na kisingizio ni kile kile: "Si mimi niliyeandika, ni picha tu." Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Leso haitaji jina la mtu. Anayepitiwa nayo aweza kujifanya hakuisoma, na jirani aliye dirishani hana hakika imelengwa nani. Tagi imeondoa sitara hiyo. Imeandika jina kamili, na mtu akilibonyeza hufika hadi kwenye ukurasa wa mwenye jina, aone picha yake na ya mumewe na ya watoto wake. Ni leso iliyochapwa jina la jirani kwenye pindo.

Basi, picha ya kivukoni na picha ya sufuria zilitofautiana wapi? Hazikutofautiana kwa ukali. Kuchelewa ni aibu kama kutojua kupika, na pengine zaidi. Zilitofautiana kwa asili ya ujuzi uliotumika.

Kuchelewa kwa binti yule kulijulikana na kila mtu. Mwenyewe alikuwa akijitania kwako kabla hujamtania, na alikuwa na visa vyake vya kivuko ambavyo alivisimulia harusini. Aliyemtagi hakutoa kitu kilichofichwa. Alichukua kitu kilichokuwa mezani akakisogeza katikati. Lakini la upishi lilikuwa na historia nyingine. Nilimbana mtoto wetu akaniambia. Shoga yake aliolewa akitoka katika nyumba ambayo jiko lilishikwa na dada zake wakubwa, na miezi ya mwanzo ya ndoa alikuwa akimpigia simu kwa siri, mlango umefungwa, aelekezwe pilau hatua kwa hatua: lini kitunguu kimeiva vya kutosha, maji kiasi gani kwa kila kikombe cha mchele. Walicheka sana kwa simu hizo. Siku moja mumewe alikula kwa mamake kwa kuwa wali ulishika chini, na habari ile aliijua mtu mmoja tu nje ya nyumba ile. Mtu huyo ndiye aliyemtagi.

Sasa lisikilize neno "nakujua" likisemwa katika hali hii. Linasema, "Nakujua, na nilichoambiwa mlango umefungwa nimekitoa nje." Kucheka pamoja kwa simu hakukuwa idhini ya kucheka mbele ya watu. Siri ya rafiki hata ikiwa ya kuchekesha ni siri. Na aliyeumia hakuweza hata kulalamika, maana kulalamika ni kukiri. Angeandika, "Hili hukupaswa kulisema," wifi angejua kwamba ni kweli. Ndiyo sababu alijibu kwa kile kikaragosi kimoja.

Hicho kikaragosi ni dalili, na yafaa tuijue. Tagi iliyopokewa vizuri hurudishwa: rafiki hujibu kwa neno, au hukutagi nawe katika picha nyingine kabla juma halijaisha. Ni kama utani ulivyokuwa kwa wazee wetu. Mtani aweza kukutania hadi msibani kwa sababu nawe wamtania, na pande zote mbili zayajua mambo yaliyo wazi na yaliyofungwa. Utani wa upande mmoja si utani, ni matusi yenye tabasamu. Ukiona kila siku wewe ndiye unayetagi na rafiki anarudisha alama ya kicheko tu bila ya neno, tena hakutagi kamwe, simama uyaangalie uliyomtagi. Yahesabu: mangapi ni ya mambo anayojitania mwenyewe, na mangapi umeyachukua chumbani mwake?

Kuna kipimo chepesi zaidi, nacho ni cha sarufi. Tazama kiwakilishi unachokiandika kando ya jina. Ukiandika "Huyu ni wewe," umemnyooshea kidole. Chaweza kuwa kidole cha mapenzi, lakini wewe mwenyewe umebaki nje ya picha. Ukiandika "Hawa ni sisi," umeingia naye. Chochote kitakachochekwa, mtachekwa pamoja. Lau mtoto wetu angetafuta picha ya wasichana wawili jikoni, mmoja na simu na mwingine na mwiko, na kuandika "sisi" chini yake, nisingesema lisingeuma kabisa, maana mawifi ni mawifi. Lakini lingeuma nusu, na ile nusu angeibeba yeye. Rafiki huvumilia mengi akiwa hayuko peke yake kwenye picha.

Hapa pana aina nyingine ya tagi ambayo haitoki moyoni mwetu hata kidogo, na inafaa tuitambue. Ni zile picha zinazoamrisha: mtagi rafiki ambaye hawezi kukaa bila ya chai, watagi watatu ambao hawajawahi kukuvunja moyo. Amri hizo hazikuandikwa kwa ajili ya urafiki wako. Mwenye ukurasa anataka watu wengi wafike, na kila jina uliandikalo ni mtu mmoja aliyeitwa kwa arifa aje atazame. Mchezo huu ulizidi hadi Facebook yenyewe, mwezi wa Desemba mwaka 2017, ikatangaza kwamba itazipunguzia nguvu picha na maandishi yanayowachochea watu kutagi, kupiga kura, kusambaza na kutoa maoni kwa ujanja. Hata hivyo hazijaisha.

Ubaya wa amri ya "watatu" haumo katika ukurasa ule, umo katika hesabu. Mwanamke mwenye mashoga watano akitaja watatu, ametoa daraja hadharani bila ya kukusudia. Wa nne na wa tano wataona, kwa kuwa watatu wale watajibu kwa mioyo na mashairi. Na wa nne hatauliza. Mtu mzima hawezi kuuliza, "Mbona hukunitaja?" bila ya kujiona mdogo. Atalimeza. Najua nyumba ambamo jambo kama hili lilimezwa mwaka mzima, likaja kutapikwa siku ya kuchagua leso za sare, mtu akasema, "Waulize wale watatu wako." Ikiwa moyo wako umewakumbuka watatu, wapelekee picha ile mmoja mmoja kwa ujumbe wa faragha. Kila mmoja atadhani ni yeye tu, na hutakuwa umesema uongo.

Nimeahidi picha ya tatu. Hii haina aibu ya mawifi, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mimi nina shoga yangu aliyehamia Maskati na mumewe miaka mingi iliyopita. Tumesoma chuo pamoja, tumetiwa hina siku moja. Hapo kwanza tulikuwa tukipigiana simu kila Ijumaa. Baadaye simu zikawa za mwezi, kisha za sikukuu, na katikati yake pakaja tagi. Yeye hunitagi, nami humtagi. Picha ya vikongwe wawili wanaocheka barazani: "Hawa ni sisi." Picha ya mwanamke anayetafuta miwani iliyo kichwani: "Huyu ni wewe." Nilikuwa nimeridhika. Nilijiambia kwamba urafiki wetu u hai, ushahidi ndio huu, jina langu laonekana chini ya picha kila juma.

Mwaka jana picha zake zilibadilika, na mimi sikuona. Alinitagi katika picha ya mwanamke aliyelala kwenye kiti na nguo zake za kutokea, na kando aliandika, "Huyu ni mimi siku hizi." Nikacheka, nikaweka alama ya kicheko. Juma la pili, picha ya mama anayekula akiwa amesimama, saa imeonyesha usiku wa manane. "Huyu ni mimi." Nikacheka tena. Ya tatu ilikuwa na maneno tu, yakisema kwamba kuna watu husema wako sawa kwa kuwa maelezo ni marefu. Hakuandika kitu kando yake ila jina langu. Nikaweka moyo.

Ilikuwa ni mdogo wake, niliyekutana naye sokoni, aliyeniambia kwamba mumewe alikuwa amelazwa na kutolewa hospitali mara tatu katika miezi ile, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza peke yake, mchana kazini na usiku kando ya kitanda. Nilirudi nyumbani nikafungua simu, nikazitazama zile picha tatu kwa mpangilio wake. Hakuwa akinichekesha. Alikuwa akinibishia hodi. Alitumia picha ya mtu mwingine na maneno ya mtu mwingine, kwa kuwa yake yalikuwa mazito kuyainua, naye alinichagua mimi katika watu wote. Nami nilimjibu hodi tatu kwa alama za kicheko na moyo.

Ndipo nilipoiongeza ile sarufi yangu kiwakilishi cha tatu. "Huyu ni wewe" hunyooshea. "Hawa ni sisi" hufunga. Lakini "huyu ni mimi", na jina lako limewekwa kando, ni ombi. Mwenye kujitaja mwenyewe na kukuita uje utazame hataki ucheke, ataka umuulize. Na dalili yake si picha moja. Mtu yeyote aweza kuchoka siku moja. Dalili ni kubadilika kwa mkondo: aliyekuwa akikutumia vichekesho vya kivuko na miwani ameanza kukutumia usingizi, uchovu na kimya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiona hivyo, usijibu mahali pale pa maoni. Watu wamo. Mpigie simu, na usianze na picha. Anza na habari za nyumbani, kisha umuache aseme.

Nilimpigia usiku ule ule. Aliposikia sauti yangu alisema, "Umechelewa, lakini umefika." Tulizungumza hadi simu ikazima. Mumewe sasa, alhamdulillahi, anatembea. Tagi zetu zimerudi kwa vikongwe wa barazani, lakini Ijumaa zetu nazo zimerudi, kwa sababu nimejua kwamba tagi huweza kuushika urafiki usianguke, ila haiwezi kuulisha. Husema "nimekukumbuka". Haisemi "u hali gani", na wala haingoji jibu.

Turudi kwa mtoto wetu, maana nilimuacha mkekani. Baada ya kuelewa, la kwanza alilotaka kufanya ni kuandika pale pale chini ya sufuria, "Nisamehe shoga yangu, nilikuwa natania." Nikamshika mkono. Msamaha wa hadharani ungerudisha picha ile juu mbele ya macho ya wote, na ungemthibitishia wifi yale aliyoyadhani. Nikamwambia ayafute kwanza maoni yake. Hili ni jambo dogo: huyashikilia kwa kidole hadi orodha itokeze, huchagua kufuta, na jina la rafiki huondoka pamoja nayo. Yaliyokwisha kusomwa hayasomoki kinyume, lakini asiyeona hataona tena.

Kisha nikamwambia avuke. Si kupiga simu, avuke. Alikwenda Jumamosi, kwa kivuko kile kile cha vichekesho vyao, na hakuchukua zawadi ila nazi mbili na bizari za pilau. Aliniambia baadaye kwamba shoga yake alimfungulia mlango, hakumkumbatia, akamkaribisha jikoni. Wakapika. Katikati ya kukaanga kitunguu, bila ya kugeuka, shoga yake akamwambia: "Hukunivunjia heshima kwa kusema sijui kupika. Watu wengi hawajui. Umenivunja kwa kuwa aliyelijua ni wewe."

Mtoto wetu alisema, "Najua. Nimelifuta, na nimekuja." Hakuongeza kisingizio, wala hakusema ilikuwa ni picha tu. Nilifurahi niliposikia hivyo.

Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha. Wifi bado hutania kuhusu sufuria kila wakikutana, na kwa kila utani ule binti yule hukumbuka ulikotoka. Salamu za asubuhi sasa hujibiwa, lakini kwa maneno machache. Ujuzi uliotumika vibaya hurudi polepole, kama maji ya bamvua yanavyorudi, si kwa siku moja.

Juzi mtoto wetu alinionyesha simu tena. Aliona picha ya wasichana wawili wanaokimbilia kivuko ambacho mlango wake unafungwa, mmoja amevaa kiatu kimoja. Kidole chake kilikwisha kuandika ile alama ya @ na herufi za mwanzo za jina la shoga yake. Akasita, akayafuta. Akabonyeza kitufe cha kutuma, akampelekea yeye peke yake, na kando yake akaandika: "Hawa ni sisi. Umefikaje leo?"

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Lilikuwa refu.